Nyumba Iliyotelekezwa: Kununua, Kukarabati na Kuuza Tena

Faida ya kukarabati nyumba na kuiuza tena hupatikana siku ya kununua. Fundi hodari na rangi nzuri haviwezi kuiokoa nyumba iliyonunuliwa ghali, kwa sababu bei ya mwisho haiamuliwi na gharama alizotumia muuzaji. Huamuliwa na kile ambacho wanunuzi wa mtaa ule wako tayari kulipa. Kwa hiyo hesabu huanzia mwisho: kwanza hutafutwa bei ambayo nyumba itauzwa ikiwa imekamilika, kisha huondolewa gharama zote na faida inayotakiwa. Kinachobaki ndicho kikomo cha bei ya kununulia.

Sura hii inafuata hesabu hiyo kwa mfano wa Dar es Salaam, katika maeneo yaliyopimwa zamani kama Sinza na Kijitonyama. Viwanja vingi vya maeneo hayo vilitolewa katika mradi wa viwanja vya makazi wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Nyumba nyingi za awali zilijengwa na wenyewe kidogo kidogo. Baadhi sasa zimeachwa na warithi waliotawanyika, paa linavuja, na mpangaji wa mwisho ameshahama. Takwimu za fedha zilizotumika ni za mfano wa kufundishia hesabu. Kila mtaa una bei zake.

Kupima bei ya kuuzia

Bei inayotajwa na dalali au kuandikwa kwenye tangazo ni ombi la muuzaji. Kinachotafutwa ni bei ambayo fedha zilibadilishana mikono. Habari hiyo hupatikana kwa kuuliza watu wanaoshiriki katika mauzo bila kutegemea dalali mmoja: madalali wawili au watatu wasiofanya kazi pamoja, wakili anayeandika mikataba ya eneo hilo, na mthamini aliyesajiliwa. Mthamini hulipwa, lakini ana kumbukumbu za mauzo, na ripoti yake husaidia tena benki inapohusika.

Nyumba tatu za kulinganisha zinatosha ikiwa zimechaguliwa vizuri. Ziwe katika mtaa uleule au mtaa wa jirani, kwenye viwanja vya ukubwa unaokaribiana, zenye hati ya aina moja, na ziwe zimeuzwa ndani ya mwaka mmoja. Kisha kila moja hurekebishwa kulingana na tofauti zake.

Katika mfano wetu, nyumba inayofikiriwa ina vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani, na imejengwa miaka ya 1980. Nyumba ya kwanza ya kulinganisha iliuzwa shilingi milioni 195 baada ya kukarabatiwa, lakini iko kando ya lami, ilhali hii iko ndani hatua mia mbili. Madalali wanakubaliana kuwa lami huongeza kama milioni 12, kwa hiyo nyumba hiyo inaashiria milioni 183. Nyumba ya pili iliuzwa milioni 165 katika mtaa uleule, ikiwa na sakafu mpya lakini paa la zamani na jiko bovu. Ikiongezewa thamani ya vitu hivyo inafika kama milioni 178. Nyumba ya tatu imetangazwa kwa milioni 230 na imekaa miezi minane bila mteja. Hiyo haionyeshi bei, ila inaonyesha mahali ambapo wanunuzi wameshindwa kufika. Bei inayochukuliwa kwenye hesabu ni milioni 180.

Bado kuna kipimo kimoja ambacho wengi hukiruka. Ni lazima kujua kiwanja kitupu cha ukubwa huo kinauzwa bei gani mtaani hapo, kwa sababu katika mitaa inayogeuka kuwa ya biashara mnunuzi hulipia ardhi tu. Hununua nyumba, huibomoa, na kupandisha ghorofa la fremu za maduka na vyumba vya kupangisha. Kwa mnunuzi wa namna hiyo dari jipya na marumaru havina thamani hata ya shilingi moja. Dalili zake huonekana kwa macho: nyumba za chini zinazobomolewa, mabango ya ujenzi, na bei ya nyumba chakavu inayolingana na bei ya nyumba nzuri ya jirani. Pengo kati ya bei ya kiwanja kitupu na bei ya nyumba nzuri likiwa dogo, ukarabati hauna faida, na nyumba hiyo iachiwe wajenzi wa ghorofa. Katika mfano wetu kiwanja kitupu kinauzwa kama milioni 75, na nyumba nzuri milioni 180. Pengo la milioni 105 linaonyesha kuwa wanunuzi wa mtaa huu wanatafuta mahali pa kuishi na wanalipia nyumba yenyewe.

Karatasi kabla ya kuta

Nyumba hutelekezwa kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo imo kwenye karatasi kuliko kwenye saruji. Mwenye nyumba amefariki na warithi hawaelewani, au mkopo haukulipwa, au mpaka una mgogoro. Ukarabati unaofanywa juu ya umiliki wenye kasoro ni zawadi kwa mtu mwingine.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa kipindi maalumu, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Hati iliyotolewa mwaka 1994 kwa miaka 33 inaisha 2027, na mnunuzi wa mwisho atauliza. Kwa hiyo tarehe ya kuanza na idadi ya miaka vikaguliwe pamoja na jina. Upekuzi rasmi hufanywa kwa Msajili wa Hati, na majibu yake huonyesha mmiliki aliyeandikishwa, rehani ya benki, na zuio lolote lililowekwa. Nakala ya hati iliyoletwa na muuzaji haitoshi, kwa kuwa haionyeshi kilichoandikwa baadaye kwenye daftari la msajili.

Ikiwa mwenye hati amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa aliyeshika funguo hana mamlaka hayo kwa kuwa mkubwa tu. Barua ya uteuzi isomwe, na ni busara kupata saini za warithi wote kwenye muhtasari wa kikao cha familia, kwani mrithi aliyerukwa ndiye hufika na zuio la mahakama wakati paa jipya limeshapigwa. Mwenye hati akiwa hai na ana mwenza, ridhaa ya mwenza huyo ni ya lazima kwa nyumba ya ndoa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971.

Baada ya hapo hukaguliwa madeni na mipaka. Pango la ardhi huweza kuwa limelimbikizwa kwa miaka, na bili ya maji nayo hubaki ikidaiwa. Mita ya LUKU nayo ichunguzwe, kwa sababu kodi ya majengo hukatwa humo tangu 2021 na nyumba isiyonunuliwa umeme hulimbikiza deni. Mpima huonyesha mawe ya mipaka na kama ukuta wa uzio umeingia kwa jirani au kwenye hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kufikia mita 60, na alama nyekundu ya X ukutani haifichwi na rangi. Mwisho huulizwa majirani wa muda mrefu mambo mawili: nani amewahi kudai nyumba hii, na maji ya mvua ya Desemba 2011 yalifika wapi. Mafuriko ya mwaka ule yaliwatoa watu wengi mabondeni, na mahali palipofikwa na maji panafahamika.

Kuikagua nyumba

Ukaguzi mzuri hufuata njia ya maji, kwa kuwa maji ndiyo huharibu nyumba nyingi za pwani: kutoka juu kupitia paa, kutoka chini kupitia msingi, na kutoka ndani kupitia mabomba. Siku bora ya kukagua ni baada ya mvua kubwa. Aliyekagua wakati wa kiangazi atafute michirizi ya rangi ya chai kwenye dari na juu ya kuta.

Kazi huanza darini kwa tochi na bisibisi. Bisibisi huchomwa kwenye mbao za kenchi, hasa pale zinapokutana na ukuta na chini ya bati lililotoboka. Mbao nzima hukataa, mbao iliyooza au kuliwa na mchwa huimeza ncha. Mchwa hujulikana pia kwa njia zake za udongo zinazopanda ukutani. Kama vipande vya mwisho tu ndivyo vibovu, kenchi hukatwa na kuungwa. Kama bisibisi inazama kila mahali, paa zima linashuka, na bajeti hubadilika papo hapo. Baadhi ya nyumba za zamani zimeezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto. Haya hayasagwi, hayakatwi wala kuvunjwa kiholela, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa huleta maradhi ya mapafu. Kuyaondoa na kuyatupa ni kazi ya pekee yenye gharama yake.

Kwenye kuta tatizo la kawaida ni chumvi. Lipu huvimba, hutoa unga mweupe na kumomonyoka, mara nyingi mpaka usawa wa goti au kiuno. Unyevu hupanda kutoka ardhini pale ambapo msingi haukuwekwa kizuizi cha unyevu, au mchanga wa baharini ulitumika bila kuoshwa. Ili kujua kama unyevu unatoka ukutani au ni jasho la hewa ya chumbani, kipande cha nailoni hubandikwa ukutani na kuzibwa pande zote kwa utepe kwa siku moja. Matone yakikaa nyuma ya nailoni, unyevu umo ukutani. Yakikaa mbele, umetoka hewani, na dirisha pana huenda likatosha. Muuzaji anayejua tatizo hili hupaka rangi mpya wiki chache kabla ya kuonyesha nyumba, kwa hiyo ukanda mpya wa rangi au marumaru zilizobandikwa chini ya ukuta wa sebule ni jambo la kuulizia.

Nyufa husomwa kwa umbo na umri. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu hauna madhara. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, mpana juu kuliko chini, unaonyesha kuwa upande mmoja wa msingi unazama. Ukiwa na rangi ya zamani ndani yake umekaa miaka bila kusogea. Ukiwa na kingo kali na safi bado unatembea. Ufa unaopitisha kidole kidogo haupewi bei na fundi ujenzi. Huitiwa mhandisi, na bila jibu lake nyumba hainunuliwi.

Lenta na nguzo hugongwa kwa nyundo ndogo. Mlio wa uwazi chini ya zege humaanisha nondo imeshika kutu ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma zege nje mpaka ipasuke. Kuziba ufa kwa saruji bila kufungua na kusafisha nondo huficha tatizo kwa mvua moja au mbili tu.

Mwisho hufunguliwa mabomba yote kwa pamoja na kuangaliwa maji yanakotokea, kisha kifuniko cha karo hufunuliwa. Kwenye umeme huangaliwa kama nyaya zina waya wa ethi na kama plastiki yake imekauka na kukatika. Nyumba ya miaka ya 1980 ambayo haijawahi kuwekwa nyaya mpya ihesabiwe kuwa inahitaji zote.

Bajeti ya matengenezo

Bajeti ya jumla, ile ya «milioni 40 zitatosha», haina kazi yoyote. Kila kipengele hupimwa kwa futi kamba, huandikwa kwa kiasi, kisha hupewa bei ya vifaa na hela ya ufundi kwa mistari tofauti. Mfano ni sakafu. Eneo la kuwekwa marumaru ni mita za mraba 90. Zikiongezwa asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, hununuliwa mita 99. Kwa shilingi 22,000 kwa mita, marumaru peke yake ni kama milioni 2.2. Saruji na gundi laki nane. Fundi akitoza 10,000 kwa mita, ufundi ni laki tisa. Jumla ni milioni 3.9, ambayo huandikwa 4. Fundi akitaja bei nyingine, huulizwa ni mstari upi umebadilika.

Bajeti yote ya nyumba ya mfano iko hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

- Paa, pamoja na kubadilisha sehemu ya kenchi: 10
- Kuta: chumvi, nyufa, lenta na lipu: 5
- Mabomba, choo na karo: 6
- Umeme: 3
- Dari la jipsamu: 4
- Sakafu: 4
- Milango na madirisha: 4
- Jiko na rangi: 4

Jumla ni milioni 40. Vipengele vinne vya kwanza, yaani milioni 24, ni vitu ambavyo mnunuzi hatavisifia siku ya kutazama nyumba. Hapo ndipo kishawishi cha kupunguza hutokea, na hapo ndipo kupunguza huumiza zaidi, kwa sababu bomba linalovuja nyuma ya marumaru mpya hudai marumaru hizo zivunjwe. Akiba ya kweli hupatikana kwenye vile vya mwisho, kwa kuchagua marumaru na makabati ya daraja linalolingana na nyumba za mtaa. Jiko la milioni 10 kwenye mtaa wa nyumba za milioni 180 halirudishi fedha zake, kwa kuwa mnunuzi mwenye uwezo huo angehamia mtaa mwingine.

Juu ya milioni 40 huwekwa akiba ya dharura ya asilimia 15, yaani milioni 6. Katika nyumba ya zamani akiba hii hutumika karibu kila mara, kwa kuwa lipu ikishavuliwa na dari kushushwa huonekana mambo ambayo ukaguzi haukuweza kuyafikia. Akiba ikiisha kabla ya paa kukamilika, kazi husimamishwa na bajeti huandikwa upya kabla ya kuendelea.

Malipo ya mafundi hufuata hatua za kazi. Fundi paa hulipwa sehemu mbao zikishapigwa, sehemu bati likishafungwa, na kiasi cha mwisho hubakizwa mpaka mvua ya kwanza ipite au paa limwagiwe maji na kuthibitishwa. Vifaa hununuliwa na mwenye kazi na kuandikwa vinapoingia na kutoka stoo. Risiti za kielektroniki za kila ununuzi hutunzwa, na umuhimu wake utaonekana kwenye kodi.

Ratiba

Muda una bei. Kila mwezi nyumba ikiwa haijauzwa kuna mlinzi, umeme, maji, na riba ya mkopo. Kwa hiyo ratiba ni sehemu ya bajeti.

Mpangilio wa kazi hutokana na utegemezi wake. Paa hutangulia, kwa sababu chini ya paa linalovuja hakuna kitakachokauka. Wakati paa linapigwa, ndani lipu yenye chumvi huvuliwa mpaka kama nusu mita juu ya alama ya unyevu. Kisha fundi umeme na fundi bomba huchimba mifereji yao ukutani, hupitisha nyaya na mabomba, na mabomba hujazwa maji kwa shinikizo na kuachwa usiku kucha kabla ya kuzibwa. Ndipo lipu hupigwa. Lipu mpya huhitaji kama wiki nne kukauka kabla ya rangi. Inapopakwa mapema, unyevu na ukali wa saruji huibandua rangi, na madoa huonekana hasa siku ambazo wanunuzi wameanza kuja. Wiki hizo nne si za kukaa bure: dari, marumaru na karo hufanyika ndani yake. Milango, makabati na rangi ya mwisho hufuata.

Kwa nyumba ya mfano, kuhamisha umiliki kunakadiriwa wiki 6 na ujenzi wiki 14. Kuuza huwekewa miezi mitatu hadi minne. Jumla ni miezi 9. Kama kazi inagusa muundo wa nyumba, mfano kuongeza chumba au kubadilisha umbo la paa, kibali cha ujenzi huombwa manispaa mapema, na muda wake huongezwa kwenye ratiba.

Kalenda ya mvua huamua mwezi wa kuanza. Masika ya Dar es Salaam hunyesha Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Paa linaloezuliwa Aprili huloanisha kila kitu kilichobaki kizima. Kazi iliyoanza Juni huwa imefunga paa na kukausha lipu kabla ya vuli, na vuli yenyewe huwa mtihani wa paa wakati mafundi bado wanadaiwa kazi.

Hesabu ya kurudi nyuma

Sasa vipande vyote vipo, na bei ya juu ya kununulia inaweza kupatikana. Kutoka bei ya kuuzia ya milioni 180 huondolewa kamisheni ya dalali, hapa ikikadiriwa asilimia 5, yaani 9. Huondolewa matengenezo pamoja na akiba, 46. Gharama za kununua, yaani ushuru wa stempu ambao ni kama asilimia 1, wakili, upekuzi, mpima na uthamini, ni 4. Kuitunza nyumba miezi 9 ni 3. Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka hugharimu kama 7 katika muda huo. Inabaki milioni 111. Faida inayotakiwa kabla ya kodi ni milioni 21. Kikomo cha kununulia ni milioni 90.

Familia inayouza inataka milioni 105. Kwa bei hiyo faida ingebaki milioni 6, na kuchelewa kidogo kungeimaliza. Mnunuzi anayeonyesha ripoti ya paa na nyufa huwa na hoja ya kupunguziwa, na katika mfano huu mapatano yanafikiwa kwa milioni 88. Familia isingeshuka, nyumba ingeachwa.

Wamarekani wanaofanya biashara hii hutumia kanuni ya mkato: asilimia 70 ya bei ya kuuzia, ukiondoa matengenezo. Kwa nyumba hii ingetoa 126 ukiondoa 46, yaani milioni 80. Kanuni hiyo ilizaliwa katika soko lenye kumbukumbu za wazi za mauzo na mikopo ya nyumba iliyozoeleka. Inafaa kama onyo la kwanza, lakini haisemi chochote kuhusu riba ya hapa, mirathi, wala miezi ya kusubiri mnunuzi anayejikusanyia fedha taslimu. Hesabu ya mstari kwa mstari ndiyo ya kuamulia.

Kabla ya kusaini, hesabu hujaribiwa kwa mambo mawili mabaya. Kila kitu kikienda kama ilivyopangwa, fedha zilizotoka ni 88 za nyumba, 4 za ununuzi, 46 za matengenezo, 3 za utunzaji na 7 za riba, jumla 148. Mauzo ya 180 ukiondoa dalali ni 171, na faida ni 23. Sasa nyumba iuzwe milioni 165 badala ya 180: dalali hupata 8.25, na faida hushuka hadi 8.75. Kisha ichelewe miezi sita zaidi: utunzaji huongeza kama 2 na riba kama 4.8. Kinachobaki ni chini ya milioni 2, na kodi huweza kukimaliza. Yakitokea yote mawili, mwenye nyumba anatoka bila faida ila hajaingia kwenye deni. Hicho ndicho kiwango kinachokubalika. Hesabu inayoleta hasara chini ya majaribio haya inamaanisha bei ya kununulia bado ni kubwa, au mkopo ni mkubwa mno.

Kukagua bei tena, na kuuza

Bei ya kuuzia hukaguliwa mara tatu. Ya kwanza ni kabla ya kununua. Ya pili hufanywa kazi za paa, mabomba na umeme zikiisha, kabla ya kununua marumaru na makabati, kwa sababu hapo bado kuna milioni 16 zinazoweza kupangwa upya. Soko likiwa limelegea, daraja la umaliziaji hushushwa. Ya tatu ni kabla ya kutangaza, kwa kuangalia nyumba zilizouzwa katika miezi ile ya ujenzi.

Nyumba ikitangazwa, wiki za kwanza hutoa jibu. Watu wakija kutazama na kuondoka bila kutaja bei, mara nyingi kuna kasoro waliyoiona, na dalali aulizwe walisema nini. Watu wasipokuja kabisa, bei iko juu ya mtaa. Kupunguza mapema kwa milioni 5 hugharimu chini ya kushikilia bei kwa miezi sita, ambayo katika mfano huu ni karibu milioni 7 za utunzaji na riba. Mnunuzi anayelipa kwa awamu hukubaliwa kwa mkataba ulioandikwa na wakili, wenye tarehe za malipo na sharti kwamba hati na funguo hutolewa baada ya awamu ya mwisho.

Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, na huhitajika kabla ya umiliki kuhamishwa. Faida hiyo hupatikana baada ya kuondoa bei ya kununulia na gharama za kuboresha nyumba zinazothibitika. Hapa ndipo risiti hufanya kazi. Kama milioni 46 za matengenezo hazina ushahidi, zinaweza kuhesabiwa kuwa faida na kuongeza kodi kwa milioni 4.6, ambayo ni moja ya tano ya faida yote ya mfano. Anayenunua na kuuza nyumba mara kwa mara huhesabiwa kuwa mfanyabiashara, na faida yake huingia kwenye kodi ya mapato ya biashara, ambayo kwa kampuni ni asilimia 30. Tofauti hiyo hutakiwa kuulizwa kwa mshauri wa kodi kabla ya nyumba ya kwanza kununuliwa, ili iingie kwenye hesabu ya kurudi nyuma pamoja na gharama nyingine.

Mauzo yakikamilika, kila mstari wa bajeti huwekwa kando ya fedha iliyotumika na kila wiki ya ratiba kando ya wiki halisi. Tofauti hizo, pamoja na bei iliyolipwa na mnunuzi, ndizo takwimu za kutumia katika kukadiria nyumba inayofuata mtaani hapo.